Wakala ametuwekea seti mbili za matangazo zinazogombea watu walewale, kisha anajitetea kwa asilimia ya upande usiohusika

Ndugu wanajukwaa, nina nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, na wageni wangu wengi hutoka Dar es Salaam mwisho wa wiki. Wakala ninayemlipa kila mwezi anaendesha matangazo yetu ya Facebook na Instagram kwa seti mbili, kila moja ikiwa na bajeti ya shilingi 20,000 kwa siku. Ya kwanza inalenga wakazi wa Dar es Salaam wanaopenda safari na fukwe, wapatao 500,000. Ya pili inalenga watu 20,000 ambao wamewahi kuutembelea ukurasa wetu au kutuandikia. Hawa wa pili hakuwatenga katika seti ya kwanza.

Matokeo yake, seti ya pili, yenye watu walio karibu kabisa kulipia chumba, haitumii hata shilingi 3,000 kwa siku, na imeandikwa "Learning limited". Nilipolalamika alinitumia picha ya "Show audience overlap" yenye asilimia 3, akidai kwamba muingiliano huo ni mdogo. Ameupima kwa upande wa hadhira kubwa! Watu 17,000 waliomo katika seti zote mbili ni kama asilimia 3 ya wale 500,000, lakini ni asilimia 85 ya wale 20,000. Je, ninaweza kudai ada yangu?

Mzee_wa_Dunda: Pole sana, ndugu. Hapo unajipandishia bei mwenyewe: seti moja inatoa dau, nyingine inaongeza, nawe unalipa tofauti.

Muuza_Halua_Tanga: Hata langu la halua halimalizi bajeti, nami nina tangazo moja tu. Au ninagongana na wauzaji wenzangu wa Ngamiani?

Fundi_Kampeni: Dada, kushindana na wenzako ni mnada wa kawaida, tatizo la mwenye uzi ni jingine. Mzee wetu amepatia nusu. Seti za ukurasa mmoja zinapokutana katika mnada mmoja, mfumo huingiza tangazo moja tu, lile linalokadiriwa kuwa na thamani kubwa zaidi, na jingine huzuiwa, kwa hiyo hazipandishiani dau ana kwa ana. Hasara ni kwamba seti inayozuiwa mara kwa mara haifikishi matokeo yapatayo 50 kwa wiki ambayo mfumo unayahitaji ili utulie. Wale 20,000 watengwe katika seti ya kwanza kupitia "Exclude". Ikiwa baada ya hapo seti ya pili bado haitumii fedha, chunguza kama wakala ameiwekea kikomo cha dau kilicho chini mno.

Mwenye uzi: Nitamtaka awatenge leo hii, na hicho kikomo nitakikagua mwenyewe. Lakini kuhusu ada bado sijajibiwa: kuna aliyewahi kurudishiwa fedha na wakala kwa kosa la namna hii?