Mjadala: Kozi ya miezi mitatu ya kuchomelea inatoa fundi au inatoa cheti tu?

Njiapanda: Mdogo wangu wa kike kamaliza shule, anataka kozi fupi ya kuchomelea vyuma, miezi mitatu. Mjomba kagoma, anasema asome ushonaji au mapishi, kazi zake hazikosekani. Nauliza: miezi mitatu inamtosha mtu kuwa fundi, au tunanunua karatasi?

Bwana Nati: Mnanunua karatasi. Kuchomelea ni kazi ya mwaka mzima chini ya fundi anayejua, na hata hapo bado unaungua. Mjomba wenu ana hoja. Ushonaji mtu anajifunzia hata kwenye video, anakaa kitini, anakanyaga, siku inaisha.

Mama Pindo: Anakaa kitini, anakanyaga, siku inaisha. Haya kaka. Mimi nakanyaga tangu hujaota ndevu. Hebu nenda kwenye hiyo video yako, ushone koti, halafu uweke mkono. Ukimaliza uje hapa utuambie kwa nini limevimba begani.

Fundi Cheche: Njiapanda, miezi peke yake haikuambii kitu. Uliza saa ambazo binti atashika elektrodi mkononi. Chukua kozi ya wiki 12, siku 5 kwa wiki, saa 4 kwa siku. Hiyo ni saa 240. Nusu inaliwa na darasa, zinabaki saa 120 za karakana. Kama wanafunzi ni 20 na mashine ni 4, wako watano kwa kila mashine, kwa hiyo kila mmoja anapata saa 24. Na ndani ya hizo 24 kuna kukata chuma, kusaga kwa grainda, kugonga ganda la juu ya mshono, kusubiri chuma kipoe. Akiwasha moto wenyewe saa nane kwa kozi nzima, kabahatika.

Sasa chukua kozi ileile, miezi mitatu ileile, ila wanafunzi wawili kwa mashine moja. Huyo atatoka na saa 60. Kwenye tangazo kozi hizi mbili zinafanana, na cheti chake kinafanana.

Bwana Nati: Ndiyo nilichosema. Haitoshi.

Fundi Cheche: Hukusema hivyo, mkuu. Kozi ya mwaka yenye wanafunzi 60 na mashine 5 inaweza kumpa mtu mkono mbovu kuliko hiyo ya wawili kwa mashine. Mwaka unasaidia kama kuna vyuma vya kuchoma na mtu wa kukukosoa.

Sita Gii: Mnazunguka sana. Binti atafute cheti cha 6G, ile ya bomba lililoinama nyuzi 45. Ukishapata 6G umemaliza, hakuna atakayekuuliza ulisoma miezi mingapi, na ni cha maisha.

Fundi Cheche: 6G ni kipimo kigumu kweli, hapo sibishi. Ila "cha maisha" hapana. Kwa taratibu za ASME na za AWS, vyama vya Marekani vinavyoweka viwango vya kuchomelea, ukikaa zaidi ya miezi sita bila kuchomelea kwa njia uliyopimwa nayo, sifa yako inakatika, unapimwa tena. Halafu ukipimwa kwa elektrodi, hujapimwa kwa gesi. Na mtoto aliyetoka shule jana humwanzishi kwenye bomba la nyuzi 45.

Sita Gii: Mimi changu kina miaka minne na kazini wanakikubali.

Fundi Cheche: Kwa sababu hujaacha kuchoma, na huenda mwajiri anaandika hivyo kwenye daftari lake. Acha mwaka uone.

Mama Pindo: Bwana Nati bado namsubiri kwenye mkono wa koti.

Bwana Nati: Mama, shikamoo. Sikudharau ushonaji. Nimesema ni rahisi kujifunza, basi.

Mama Pindo: Marahaba. Ndiyo kudharau kwenyewe huko. Sikiliza. Kichwa cha mkono wa koti hukatwa kirefu kuliko duara la kwapa litakalopokea, kwa makusudi, sentimita mbili mpaka nne kutegemea kitambaa. Urefu huo wa ziada lazima uingie wote bila kukunjika hata mkunjo mmoja. Unapitisha nyuzi mbili za mishono mirefu, unavuta taratibu, unagawa kwa vidole, sehemu kubwa juu ya bega, chini ya kwapa karibu hakuna kitu. Halafu pasi ya mvuke inakisinyaza kitambaa kikae. Kwenye video utaona mikono ya mtu ikifanya haya. Hutahisi kitambaa kinakataa lini.

Na kozi fupi za ushonaji zina ugonjwa wao, hapa nakubaliana na fundi wa vyuma. Wanafunzi wanapewa paterni iliyokwisha kukatwa. Miezi mitatu wanaunganisha vipande. Wakitoka, mteja wa kwanza ana bega moja lililoshuka, na paterni ile haina mtu wa namna hiyo. Wanajua kushona, kukata hawajui.

Jungu Kuu: Mimi nilisoma mapishi kozi fupi, kwa hiyo najibu swali. Kazi nilipata haraka. Ila chuoni tulipika sahani nne, tunaonja, tunapiga picha. Kazini nikakuta mchuzi wa watu 150. Jikoni pale walikuwa wanaacha sufuria nzima juu ya meza ipoe usiku, asubuhi imechacha, wanalaumu nyanya. Kitu chenyewe ni ujazo: sufuria kubwa inabaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu vinastawi. Inatakiwa umwage kwenye trei za kina kifupi, ishuke mpaka nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha ifike 5 ndani ya saa nne nyingine. Chuoni hakuna aliyenifundisha kupoza sufuria kubwa. Kwa hiyo binti asisome mapishi.

Njiapanda: Asante, lakini yeye hataki mapishi. Anataka vyuma.

Jungu Kuu: Ndiyo maana nasema asisome.

Fundi Cheche: Jungu Kuu umecheka na swali lakini umegusa penyewe. Chuoni wanapika sahani nne, kazini watu 150. Kwetu ni kinyumenyume: chuoni chuma kinene, mtaani chuma chembamba. Mwanafunzi anafundishwa kwenye bapa la milimita 6 au 10, kwa elektrodi ya 3.2, mshono unalala chali juu ya meza. Bapa nene linasamehe. Akitoka, kazi ya kwanza ni geti au dirisha la bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.5. Anaweka elektrodi ileile na ampea zilezile 110, na bomba linatoboka mbele ya mwenye geti. Hapo ilitakiwa elektrodi ya 2.5, aina ya E6013, aanzie ampea kama 60 au 70, mkono uende haraka, na achome vipande vifupi vifupi badala ya mstari mmoja.

Na kutoboka ndiko kudogo. Nimeshaletewa fremu ya geti iliyochomwa na kijana mwenye cheti kizuri tu, mishono imelala safi kabisa, lakini geti halifungi. Alikamilisha kona moja pande zote, akahamia ya pili. Chuma kikipoa kinavuta, kikavuta fremu upande. Tulipopima kona kwa kona, mshazari mmoja ulizidi mwingine milimita 14. Angeshika kona zote nne kwa nukta kwanza, akapima mishazari, akalinganisha, ndipo achome kwa kurukaruka kona hii na ile ya mkabala. Hakuna kilichomshinda mkononi. Hakuwahi kutengeneza fremu, alikuwa anachoma vipande vya majaribio vya urefu wa kiganja.

Bwana Nati: Milimita 14 ni uzembe, si kozi.

Fundi Cheche: Ungemwuliza alipima mara ngapi. Hakujua kwamba kuna cha kupima.

Kimya Kingi: Hakuna aliyeuliza kama mjomba anakataa kwa sababu ya miezi mitatu au kwa sababu ni binti. Angekuwa mpwa wa kiume, huu uzi ungekuwepo?

Bwana Nati: Sasa mnaleta siasa. Macho yake je? Huu mwanga unapofusha.

Kimya Kingi: Macho ya wavulana ni ya chuma?

Fundi Cheche: Mwanga unachoma jicho la yeyote. Ukitazama bila kioo, usiku utahisi mchanga machoni, machozi yanatoka, kwa kawaida huisha siku moja au mbili. Anayerudia kila wiki ndiye anayejitafutia balaa. Kioo namba 10 au 11 kinatosha kwa kazi za elektrodi za kawaida. Chuo kikiwa na barakoa tatu kwa watu ishirini, hao wengine wanatazama kupitia vidole. Hilo nalo mkaangalie.

Njiapanda: Nimepiga simu chuoni. Wamesema vifaa vipo vya kutosha na walimu wana uzoefu.

Fundi Cheche: Kila chuo kitasema hivyo. Nendeni siku ya kazi, katikati ya asubuhi, bila miadi. Tazameni pipa la taka la karakana: kama lina vishina vya elektrodi vingi na vipande vilivyochomwa pande zote, watu wanachoma. Likiwa safi, kozi ni ya ubaoni. Halafu mwombe mwanafunzi wa mwezi wa pili akuchomee vipande viwili vimesimama kama herufi T, mshono upande mmoja tu. Kikipoa, kilaze kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono mpaka kivunjike au kilale. Kikivunjika, tazama ndani: chuma kiliyeyukiana mpaka kwenye kona, au kuna mstari mweusi wa ganda na vitundu? Mshono unaweza kung'aa juu na chini haukushika kitu. Mwalimu anayekataa kipande kivunjwe, huyo keshajibu.

Sita Gii: Huko ni kuwadhalilisha wanafunzi.

Fundi Cheche: Kwenye 6G yako hawakukata vipande wakavikunja?

Sita Gii: Walikunja. Ila ule ni mtihani rasmi.

Njiapanda: Na akitoka hapo na saa zake 60, anafungua chake au anatafuta fundi wa kumshika mkono? Mjomba sasa kahamia hapo, anasema atalipa ada kama kuna fundi atakayempokea.

Bwana Nati: Kwangu aje. Lakini miezi sita ya kwanza atashika grainda.

Kimya Kingi: Na wavulana uliowapokea, walishika grainda miezi sita?

Mama Pindo: Jibu hilo, halafu urudi kwenye koti.

Bwana Nati: Mama, zile sentimita mbili mpaka nne, kwenye pamba ya shati pia ni hivyohivyo? Nyumbani kuna cherehani, shati langu linavimba begani.

Mama Pindo: Shati hapana! Pamba haisinyai kwa mvuke kama sufu. Weka sentimita moja au pungufu, ushone mkono kabla hujafunga ubavu, ukiwa umelala bapa. Nani aliyekukatia?