Ofa mbili za kamisheni: rampu fupi yenye mshahara mkubwa, au advansi na akselereta?

Mgeni_wa_Mauzo
Habari wakuu. Nina ofa mbili za kuuza programu za kompyuta kwa makampuni na natakiwa kujibu wiki hii. Kote kuwili tageti kamili ni 10,000 kwa mwezi, na nikiifikisha nalipwa jumla ya 1,200.

Ofa A: mshahara 600, na kamisheni 600 kwa tageti iliyotimia. Rampu, yaani kipindi cha kuanzia chenye tageti ndogo, ni miezi mitatu: mwezi wa kwanza sina tageti, wa pili 3,000, wa tatu 6,000. Akselereta, yaani kiwango cha juu zaidi cha kamisheni, inaanza nikivuka tageti ya mwaka.

Ofa B: mshahara 200, kamisheni asilimia 10, na asilimia 15 nikivuka tageti ya mwezi. Kwa miezi sita ya mwanzo wananipa advansi ya kamisheni hadi 800 kwa mwezi.

Kwa macho yangu B inanihakikishia 1,000 tangu mwezi wa kwanza, A inanipa 600 tu. Kuna kitu sikioni?

Tageti_Juu
Chukua B bila kuwaza. Akselereta ndiyo inayomtajirisha muuzaji. Ukiuza 12,000 unakula asilimia 15 yake, yaani 1,800 kwa mwezi mmoja, na mshahara juu.

Hesabu_Kwanza
Tageti_Juu, umeharakisha kidogo. Mipango mingi hulipa kiwango cha juu kwa ile ziada tu. Kwenye 12,000, zile 10,000 za mwanzo zinalipwa asilimia 10, na 2,000 zilizobaki asilimia 15. Ni 1,000 na 300, jumla 1,300. Ipo mipango michache inayorudi nyuma hadi shilingi ya kwanza, lakini hiyo lazima iandikwe waziwazi. Isipoandikwa, hesabu ziada peke yake.

Mgeni, kabla ya yote uliza: tangu mazungumzo ya kwanza hadi mteja kusaini huchukua muda gani? Tuseme ni miezi mitatu. Huna wateja uliorithi, kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili ni sifuri, wa tatu 2,000, wa nne 5,000, wa tano 8,000, wa sita 12,000. Tuzipitishe ofa zako humo.

Kwa B, kamisheni uliyoitolea jasho ni 0, 0, 200, 500, 800 na 1,300. Jumla 2,800. Kampuni inakujazia kila mwezi ifike 800, na kila inachojaza kinaandikwa deni. Mwisho wa mwezi wa tano unadaiwa 2,500. Mwezi wa sita umeuza vizuri, lakini ile 500 iliyozidi 800 inakwenda kupunguza deni, unabaki na 2,000. Ndiyo, mkononi umepokea 6,000 kwa miezi sita, ila halali yako ni 4,000. Mwezi wa saba advansi imekwisha. Ukifikisha tageti kamili na wakikata kamisheni yote, unaondoka na mshahara wa 200. Mwezi wa nane hivyo hivyo. Watu wengi huacha kazi hapo, wakati ndiyo kwanza wameanza kuuza.

Kwa A unapata mshahara 3,600 na kamisheni 1,700. Ni 5,300, na hudaiwi na mtu.

Kaunta_Moja
Mimi nauza simu dukani na tuna advansi kama hiyo, haijawahi kunisumbua. Mwisho wa mwezi kamisheni huwa imeshaizidi. Sioni tatizo la B.

Hesabu_Kwanza
Mkuu, mteja wako anaingia na kulipa siku hiyo hiyo, ndiyo maana deni halipati muda wa kukua. Mgeni atasubiri miezi. Advansi ni ileile, mauzo siyo yaleyale.

Mgeni_wa_Mauzo
Asante mkuu. Kwa hiyo rampu ya A ndiyo inayoniokoa?

Hesabu_Kwanza
Hapana, kinachokuokoa ni mshahara. Rampu yenyewe hapo haina uzito, na hili ndilo wageni wengi hawalioni. Kwanza hakikisha kamisheni inapigwa kwa asilimia ya tageti uliyofikia. Kama wanalipa asilimia 6 bapa ya mauzo, tageti ndogo haikuongezei hata senti mfukoni, inakuepusha tu na barua ya onyo.

Tukubali wanapiga kwa asilimia ya tageti. Mwezi wa pili hujauza kitu, punguzo limepotea. Mwezi wa tatu umeuza 2,000 kati ya 6,000, unapata theluthi ya 600, yaani 200. Bila rampu ungepata 120. Rampu nzima imekupa 80. Mwezi wa nne unapoanza kuuza, tageti imesharudi 10,000.

Wakikunyooshea rampu iwe miezi sita, tuseme 0, 0, 2,000, 4,000, 6,000, 8,000, kwa mauzo yaleyale ungetimiza tageti kila mwezi kuanzia wa tatu. Hata bila kulipwa ziada ni 2,400 badala ya 1,700. Omba hilo kabla ya kuomba nyongeza ya mshahara, kwa sababu kwa kampuni ni rahisi zaidi kulikubali.

Soma_Mkataba
Naongezea la akselereta ya mwaka kwenye A. Uliza kama tageti ya mwaka imepunguzwa kwa ajili ya rampu. Ikiwa ni 120,000 kamili, na nusu mwaka umeuza 27,000, lazima uuze 15,500 kila mwezi ili uifikie tu. Wakihesabu tageti za rampu, mwaka unakuwa 99,000 na unahitaji 12,000 kwa mwezi. Ukiajiriwa katikati ya mwaka wao wa hesabu, swali hilo ni zito zaidi.

Kwa B, kupima kwa mwezi kunakufaa wewe, maana mwezi mbovu haumezi ziada ya mwezi mzuri. Hapo namuunga mkono Tageti_Juu. Lakini uliza kamisheni inaiva lini, mteja akisaini au akilipa. Ikiwa ni akilipa, na mteja ana siku 60 za kulipa, jedwali lote la Hesabu_Kwanza linasogea mbele miezi miwili na deni linanenepa.

Tageti_Juu
Sawa, ya asilimia 15 nimekubali. Ila bado nasema deni si tatizo, ukiacha kazi linafutika.

Soma_Mkataba
Usimwambie hivyo. Kuna mikataba inayofuta, kuna inayokata kwenye kamisheni zako za mwisho, na kuna inayokutaka urudishe fedha. Kama wanaweza kukata hadi kwenye mshahara, hilo linategemea sheria ya kazi ya mahali alipo. Aombe mambo mawili kwa maandishi: deni lisikatwe zaidi ya nusu ya kamisheni ya mwezi, na lifutwe akiondoka. Au waigeuze advansi ya miezi mitatu ya kwanza iwe isiyorudishwa. Kwa hesabu ya juu, hiyo peke yake inaondoa deni la 2,200.

Hesabu_Kwanza
Na wakikubali hilo la mwisho, mimi nahamia B. Anabaki anadaiwa 300 mwisho wa mwezi wa nne, na mwezi wa sita analimaliza.

Soma_Mkataba
Mimi bado nabaki A, kwa mshahara wa 200 mwezi wa saba ukiwa mbovu hali itakuwa ngumu.

Mgeni_wa_Mauzo
Nimewaandikia wote. A wamesema rampu ya miezi sita inawezekana, tageti ya mwaka watanijibu Jumatatu. B wanasema kamisheni inaiva mteja akilipa, na kuhusu kufuta deni wamejibu tu kwamba "huwa hatuwadai watu".

Soma_Mkataba
Wajibu kwamba kama huwa hawadai, basi sentensi hiyo iingie kwenye mkataba.