Msaada wakuu: polinomia za Lagrange na "kubadili msingi", sioni uhusiano wake

Mwana wa Shangani:
Habari zenu wakuu. Nasoma hesabu chuo, hapa Mtwara. Tulipewa zoezi la kupima kina cha maji penye gati Mikindani maji yakiwa yanakupwa. Tulipoanza (x = 0) kilikuwa sentimeta 300, baada ya saa moja 270, baada ya saa tatu 150. Saa ya pili mvua ilitufukuza, hatukupima.

Nimetumia njia ya Lagrange nikapata 300 − 20x − 10x². Nikatatua milinganyo mitatu, nikapata hiyohiyo. Mwalimu akaandika pembeni: "Hapa umebadili msingi tu." Msingi upi umekwenda upi, wakati polinomia ni ileile?

Korosho Mbichi:
Mkuu, hiyo rahisi. Andika matriksi ya Vandermonde, kila mstari una 1, x na x² za nukta moja:

```
1  0  0
1  1  1
1  3  9
```

Safu zake za wima ndizo polinomia za Lagrange. Umemaliza.

Bi Hesabu:
Korosho, matriksi ni sahihi ila safu umezisoma kinyume. Mwana wa Shangani, anza na polinomia zenyewe. Unataka moja iwe 1 kwenye nukta yake na 0 kwenye nyingine mbili. Ya nukta 0 lazima iwe na (x−1)(x−3) ili ife kwenye 1 na 3. Ukiweka x = 0 inatoa 3, basi gawa kwa 3. Fanya hivyo kwa zote:

```
L0 = (x² − 4x + 3)/3
L1 = (−x² + 3x)/2
L2 = (x² − x)/6
```

Sasa msingi wa zamani ni 1, x, x². Ndani yake polinomia yako inaitwa (300, −20, −10). Msingi mpya ni L0, L1, L2, na ndani yake inaitwa (300, 270, 150), yaani vipimo vyenu vya gatini, bila kukokotoa chochote. Polinomia haikuguswa, kilichobadilika ni namba za kuielezea.

Chukua safu ya tatu ya Korosho: 0, 1, 9. Hiyo ni x² ikielezwa kwa msingi mpya. Jaribu L1 + 9·L2, utapata x² kamili. Kwa hiyo safu za Vandermonde ni msingi wa *zamani* kwa lugha ya mpya. Polinomia za Lagrange zimo kwenye safu za kinyume chake. Safu ya kwanza ya kinyume ni 1, −4/3, 1/3, ambayo ni L0.

Korosho Mbichi:
Nimeikagua, kweli. Lakini matriksi ninayoizidisha kupata vipimo si ni hiyohiyo yangu?

Bi Hesabu:
Ndiyo, hapo uko sawa. Inapokea (300, −20, −10) na kutoa (300, 270, 150). Kurudi ndiko kunahitaji kinyume, na kinyume kipo kwa sababu nukta zote ni tofauti: determinanti ya matriksi ya Korosho ni 1 × 3 × 2 = 6. Mngepima nukta ileile mara mbili ingekuwa sifuri, na L zisingejengeka, maana ungegawa kwa sifuri.

Mpwani wa Msimbati:
Mimi naokota pweza. Hiyo fomula inaniambia maji yatakuwa wapi saa ya sita? Bamvua linakuja.

Bi Hesabu:
Kaka yangu, usiitumie! Ukiweka x = 6 inakupa sentimeta −180. Maji hukupwa kwa saa sita hivi kisha hugeuka kujaa, ila hii inashuka milele. Angalia jedwali la maji.

Ila Mwana wa Shangani, saa ya 2 ambayo hamkupima iko *kati* ya nukta. L0, L1 na L2 hapo ni −1/3, 1 na 1/3. Zidisha kwa vipimo: −100 + 270 + 50 = 220. Uzito mmoja ni hasi, lakini jumla yake ni 1, kama inavyopaswa kuwa kwa kila x. Jumla isipotoka 1, kuna L uliyoikosea.

Mwana wa Shangani:
Nimeelewa dada, ahsante. Sasa wenzangu wamepata kipimo cha saa ya 4. Naongeza L3 tu?

Bi Hesabu:
Hapana, L zote tatu za mwanzo zinabadilika, kila moja sasa lazima ife kwenye 4 pia. Msingi wa Newton, yaani 1, x, x(x−1), x(x−1)(x−3), hauna shida hiyo: unaongeza kipande cha mwisho tu, na matriksi yake ni ya pembetatu.

Korosho Mbichi:
Basi kwa nini asianze na Newton moja kwa moja? Lagrange ina faida gani?

Bi Hesabu:
Nukta zikikaa palepale na vipimo vikabadilika kila siku, L huzijengi upya. Kwa gati hilo ningechagua Lagrange.

Korosho Mbichi:
Mimi bado Newton. Nani anapima saa zilezile kila siku Mikindani, na mvua hii?