Mrejesho: maboksi ya taili, chumba cha kule Lamu

Niliuliza hivi: "Nina picha ya ramani ya chumba, imeandikwa 6400 kwa 3100, taili za 40 kwa 40, ninunue boksi ngapi pamoja na za kuharibika?"

Haya wakuu, kazi imeisha. Yule ndugu aliyesema niangalie mishale ya vipimo inaishia wapi, Mungu ambariki, maana nilipoivuta picha nikaona mishale inagusa nje ya ukuta. Ukuta ni wa bloku za milimita 200, ukitoa pande zote mbili ndani unabaki na mita 6 kwa 2.7. Ningepigia hesabu ya nje ningebeba boksi 12.

Kwa eneo ni mita za mraba 16.2, gawa kwa 0.16 unapata taili 102. Lakini fundi akahesabu kwa mistari, urefu zinaingia 15, upana zinaingia 6 na inabaki sentimita 30, basi kila taili ya ukutani inakatwa na kile kipande cha sentimita 10 hakina kazi, kwa hiyo ni mistari 7 mara 15, taili 105 kabla hata moja haijavunjika. Ukiongeza asilimia 10 juu ya 102 unapata 112, yaani akiba ya kweli ni 7 tu!

Boksi lina 12, nikachukua 10. Zote zina namba ile ile ya rangi, kurudi Mokowe, kule bara, na boti kwa boksi moja nani ataweza.