Mrejesho: mgeni alikatika kweli tukiwa hewani

Niliuliza: "Tunarusha mjadala mubashara wa muda wa saa moja, mgeni yuko mbali. Kwenye ratiba niandike nini ili akikatika mtangazaji asibabaike?"

Wakuu, nimerudi. Niliandika saa halisi, si "dakika 10" tu, na kila kipengele kikapata mstari wa "ikishindikana". Wa mgeni ulisomeka hivi:

2:12–2:30 Mahojiano. Akiganda sekunde 10, mtangazaji: "Tutarudi kwake punde." Iingie video ya dakika 3. Asiporudi, maswali ya watazamaji hadi 2:30.

Saa 2:19 akaganda, mdomo wazi. Mtu wa mitambo akahesabu kumi kwa vidole, akainua kadi nyekundu, mtangazaji akatamka sentensi yake kama vile ilipangwa tangu jana. Video ikiendelea, tukampigia mgeni simu ya kawaida, akarudi kwa sauti tu. Tukaweka picha yake ya mnato, mazungumzo yakaendelea hadi 2:33. Zile dakika 3 tulizifidia kwenye maswali ya mwisho, kutoka 8 hadi 5, maana nilikuwa nimekiwekea kipengele hicho alama ya "kinapunguzika".

Nilipokosea ni kwenye kurudi. Video iliisha, mtangazaji akakaa sekunde 4 akipanga karatasi, hajui kama yuko hewani. Sasa ratiba inasema ahesabiwe sikioni kuanzia kumi kushuka. Awali alikuwa akichungulia matangazo yetu kwenye simu yake, na huko picha hufika imechelewa sekunde kadhaa.