Tupeane uzoefu: saa za mpakani zilivyokusumbua (au zilivyokusaidia)

Mama Vitenge, Kariakoo
Wakuu, leo nimekumbushwa machungu. Mteja wangu wa Bujumbura kanitumia hela ya mzigo Ijumaa, ananiambia "nimetuma mapema dada, saa nane na nusu mchana." Saa nane na nusu ya kwake! Huku kwangu ilishakuwa saa tisa na nusu, na benki yangu dirisha la miamala ya nje linafungwa saa tisa. Hela imelala hadi Jumatatu, mzigo umelala, na gari ya Kobero imeondoka bila sisi. Wa Kampala na Nairobi hawanisumbui hivi, tukisema saa nne ni saa nne. Wa Bujumbura na Lubumbashi ndio kila siku kuulizana "ya kwako au ya kwangu?" Hivi kwa nini wengine tuko saa moja na wengine tunapishana, wakati wote ni majirani? Tupeane uzoefu.

Mzee wa Bandarini
Jibu jepesi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zote zinatumia saa moja, ni makubaliano ya Arusha.

Kaka Rusumo
Mzee pole pole. Mimi nakaa Rusumo. Rwanda ni mwanajumuiya na ukivuka daraja tu unarudisha saa moja nyuma. Burundi hivyo hivyo, na Goma na Bukavu pia. Halafu Ethiopia na Madagaska hawamo kwenye jumuiya lakini saa yao ni yetu. Sasa hayo makubaliano ya Arusha yako wapi?

Mzee wa Bandarini
Nilimaanisha zile tatu za mwanzo.

Kaka Rusumo
Ungesema hivyo.

Mwl. Mstaafu wa Kigoma
Nimefundisha jiografia miaka mingi, naomba niingie. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, yaani digrii moja ni dakika 4. Saa ya Kigali, Bujumbura, Lusaka na Lubumbashi imepimwa kwa mstari wa nyuzi 30, ambao unapita karibu kabisa na Kigali yenyewe. Wale saa zao na jua vinaelewana. Saa yetu imepimwa kwa mstari wa 45, na mstari huo unapita jirani na Mogadishu. Kwa hiyo wewe Mama Vitenge hapo Kariakoo unaishi kwa jua la Mogadishu. Dar iko kwenye nyuzi 39 na kidogo, ndiyo maana jua linafika utosini kwa wastani saa sita na dakika 23.

Sasa njoo kwetu Kigoma. Tuko nyuzi 29 na nusu, magharibi hata ya Kigali! Sisi na Bujumbura tuko karibu mstari mmoja, ziwa moja, dagaa wale wale. Jua likiwa utosini, Bujumbura wanasema saa sita mchana, sisi tunasema saa saba. Kwa jua tu, Kigoma ilipaswa kuwa na saa ya Burundi. Lakini treni inatoka Dar, mshahara unatoka Dar, taarifa ya habari inatoka Dar. Nchi ikaamua saa moja kutoka baharini hadi ziwani, na gharama yake wanailipa watoto wa Kigoma wanaokwenda shule gizani. Nimeita majina asubuhi nikimulika daftari kwa tochi.

Wanjiru wa Nakuru
Mwalimu, basi hata sisi Kenya tumekaa pabaya?

Mwl. Mstaafu wa Kigoma
Nairobi iko kama 36.8. Ukipima, iko karibu zaidi na mstari wa 30 kuliko ule wa 45, ingawa kwa kidogo. Kampala ndio kabisa, 32 na nusu. Enzi za ukoloni waliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Grinichi, wakaja saa mbili na dakika 45, mwisho zikatulia tatu kamili. Reli na bandari zilikuwa za pamoja, wasingeweza kuwa na ratiba mbili kwa treni moja ya Mombasa kwenda Uganda.

Otieno Busia
Kwa hiyo Nairobi ndiyo iliwapa nyinyi wote saa. Mtushukuru 😂

Chuga Boy
Mmeanza. Mlima mnasema wenu, saa nayo yenu?

Otieno Busia
Mlima tuliwaachia kitambo, hii saa hatuachi.

Kondakta Mstaafu, Tunduma
Nyie acheni utani, mimi saa ilinitoa jasho. Nilishusha mzigo wangu kutoka Nakonde, nikaupakia jioni kwenye basi la Dar, tiketi inasema kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Nikalala gesti moja karibu na mpaka, nikatega alamu saa kumi. Usiku simu ikadaka mnara wa Zambia, ikajirudisha saa moja nyuma, kimya kimya. Alamu inalia, naangalia, saa kumi kamili. Nikaoga, nikanywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja pale nje. Namwambia "mama leo mmewahi kuamka," ananiambia "baba, kunakucha huku." Nikaangalia saa ya ukutani kwake: kumi na moja na robo!

Basi limekwenda, mzigo wangu wote umo ndani. Nikaruka kwenye bodaboda, baridi ya Songwe mnaijua, sina koti. Namwambia kijana kanyaga, anakanyaga, machozi ya upepo yananitoka. Kilichoniokoa ni mizani ya Mpemba. Nikalikuta lipo kwenye foleni linasubiri kupimwa. Nilipanda huku nimeshika ndala moja mkononi, nyingine sijui iliangukia wapi.

Dada Mbalizi
😂😂😂 Ndala moja!

Chuga Boy
Boda ulimlipa ngapi?

Mzee wa Bandarini
Huo mzigo wa Nakonde ulipita forodhani lakini?

Kondakta Mstaafu, Tunduma
Mzee, tunaongea habari za saa hapa.

Binti Doha
Mimi niko Doha, saa yetu na Dar ni moja kabisa, nampigia mama akitoka sokoni na mimi natoka kazini. Dada yangu yuko Maskati, yeye ametangulia saa moja. Kuna mtu anajua bando nzuri ya kupiga Tanzania?

Kaka Rusumo
Binti, uzi wa saa huu.

Dereva Nimule
Kondakta nakuelewa. Sisi wa Sudan Kusini tulikuwa saa moja na Uganda hadi mwisho wa Januari 2021. Tarehe 1 Februari Juba wakarudisha saa moja nyuma. Khartoum walishafanya hivyo 2017. Kwa jua wako sahihi, Juba ni nyuzi 31 na kitu. Lakini mizigo yetu inatoka Mombasa na Kampala! Wakala wa Elegu anafunga, wa Nimule bado yuko kazini ila hana wa kuongea naye upande wa pili.

Mama Vitenge, Kariakoo
Kumbe ndiyo maana. Sasa mnanishauri nini?

Dada Mbalizi
Simu yako zima ile sehemu ya saa kujiweka yenyewe, chagua Dar, basi.

Kondakta Mstaafu, Tunduma
Usizime! Ukivuka kwenda Nakonde utafika kwenye basi la Lusaka saa nzima kabla ya muda. Nunua saa ya mkononi, ya mshale.

Kaka Rusumo
Mwambie mteja atume kabla ya saa saba yake. Saa saba yake ni saa nane yako, unabaki na saa nzima kabla dirisha halijafungwa.

Mama Vitenge, Kariakoo
Nimemwandikia hivyo sasa hivi. Kajibu: "Saa saba ya wapi?"