Tupeane uzoefu: El Niño ya 2023–2024 ilikufikia kwa njia gani?

Mama Meka, Lubumbashi
Ndugu zangu, mimi nauza unga sokoni. Msimu ule redio ilitangaza ukame kila asubuhi, lakini hapa kwetu matope yalikuwa yamejaa barabarani. Hata hivyo bei ya unga ilipanda wiki kwa wiki. Wateja waliozoea kubeba mfuko mzima wakaanza kununua kwa meka, na lawama zote nikabebeshwa mimi. Naomba kila mtu aeleze alichokiona kwa macho yake.

Dereva wa Kasumbalesa
Mama, jibu lako lilikuwa njiani. Mimi naendesha kamyo kati ya Zambia na hapa. Mwezi wa pili 2024 nilifika hadi Choma, kusini mwa Zambia, kutafuta mzigo: mahindi yalikuwa yamekauka shambani kabla ya kufunga gunzi. Nikirudi kaskazini, karibu na Ndola, hali ilikuwa afadhali. Tarehe 29 Februari Rais Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa, na tukasikia kwamba karibu hekta milioni 1 za mahindi zimeharibika, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Tangu hapo mahindi kuvuka mpaka ikawa shida. Nikaanza kubeba simenti.

Mkulima wa njia ya Kasenga
Mimi naona jambo ni rahisi. El Niño ni joto la bahari. Joto likizidi, mvua inapotea. Kwangu ilichelewa, nikapanda mara ya pili, kisha ikaja vizuri. Namshukuru Mungu, mwaka ule niliuza mahindi kwa bei ambayo sijawahi kuiona.

Mwana-Uvira
Inapotea wapi, papa? Sisi Uvira ilitufurika! Mwezi wa nne 2024 Ziwa Tanganyika liliingia ndani ya nyumba, na wenzetu wa Bujumbura vilevile. Kama El Niño inaondoa mvua, maji yale yalitoka wapi?

Kijana wa Kenya (commune, si nchi, msinichanganye)
Nani anauza mbegu ya mahindi inayovumilia ukame? Nataka kilo kumi.

Mzee wa Meteo
Kijana, hilo tutalirudia. Nilifanya kazi ya kupima mvua miaka mingi, acha nijaribu kuunganisha maneno ya Dereva na ya Mwana-Uvira, kwa sababu wote wawili wanasema kweli.

Kwa kawaida pepo za Pasifiki zinasukuma maji ya joto kuelekea Indonesia. Juu ya maji hayo hewa inapanda na mawingu makubwa yanajijenga. Mwaka wa El Niño pepo zinalegea, joto linabaki katikati ya Pasifiki, na mawingu yanalifuata huko. Mwishoni mwa 2023 sehemu ile ya katikati ilifikia karibu digrii 2 juu ya kawaida. Digrii 2 ni kidogo ukipima maji ya kuoga, lakini kwa bahari kubwa vile inatosha kuhamisha mvua za nusu ya dunia.

Hewa ikibadilisha mahali pa kupanda, inabadilisha pia mahali pa kushuka. Juu ya Bahari ya Hindi pepo zinageuka, maji ya joto yanakusanyika upande wa Afrika, na mvua za mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili zinazidi Kenya, Somalia, Tanzania, wakati mwingine hadi kwenu kwenye maziwa. Kusini, hasa juu ya Botswana, hewa inashuka, na hewa inayoshuka haijengi mawingu. Mikanda ya mvua ambayo mwezi wa kwanza huvuka Zambia na Zimbabwe inasogea baharini, upande wa Madagaska.

Mpaka wa pande hizo mbili unapita mahali fulani kati ya nyuzi 10 na 15 kusini. Lubumbashi iko kwenye nyuzi 11 na kitu. Kwa hiyo Mama Meka alikaa juu ya mpaka wenyewe: mwaka mmoja tunavutwa huku, mwaka mwingine kule, na mara nyingi hatuoni kitu cha ajabu angani. Lakini bukari yetu inategemea mahindi ya kusini. Zambia ilivuna zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2023, kisha karibu milioni 1.5 tu mwaka 2024. El Niño ilitufikia kwa kupungua kwa makamyo.

Mama Meka
Yaani wateja wangu walipaswa kulaumu Pasifiki! Nitawaambia, ingawa sijui kama wataniamini.

Bukavu Nyawera
Na sisi Kivu ya Kusini tulipata yetu. Mafuriko ya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. El Niño hiyohiyo.

Mzee wa Meteo
Pole sana, ndugu yangu. Ila angalia tarehe. Kalehe ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023, na El Niño ilitangazwa mwezi wa sita. Tena mvua za mwezi wa nne na wa tano hazifuati Pasifiki sana kama zile za mwisho wa mwaka. Kule ilinyesha kwa nguvu kwenye milima mikali, na watu walikuwa wamejenga kwenye njia ya maji.

Mwana-Uvira
Basi na la 2020 je? Ziwa lilianza kupanda wakati ule, na sikumbuki redio ikitaja El Niño.

Mzee wa Meteo
Swali zuri. Mwishoni mwa 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, lakini Bahari ya Hindi yenyewe ilikuwa na joto jingi sana upande wa Afrika, na mvua zikawa za kupindukia. Kwa hiyo kwenu tazama kwanza bahari ya karibu. Mwaka 2023 zote mbili zilivuta upande mmoja. Na ziwa lenu halina haraka: mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Mvua ya miaka kadhaa inajilimbikiza. Sehemu gani ya maji ya 2024 ilitoka kwa El Niño na gani ilikuwa deni la 2020, mimi siwezi kukugawia.

Papa wa Kipushi
Nyote mnasahau 1997. El Niño ilikuwa kubwa kuliko hii. Kule Zimbabwe waliambiwa ukame unakuja, wengine wakapunguza mashamba, mabenki yakabana mikopo. Mvua ikaja karibu na kawaida! Shemeji yangu alikuwa huko, hadi leo hataki kusikia habari za meteo.

Mzee wa Meteo
Ni kweli, yaya. El Niño inaongeza uwezekano wa ukame kusini, haitii sahihi mkataba. 1992 ulikuja, 2016 ulikuja, 1998 haukuja kama ulivyotarajiwa.

Mama Meka
Sasa mimi ninunue akiba lini?

Mzee wa Meteo
Usishike utabiri wa mwezi wa tatu au wa nne, wakati huo bahari bado haijaamua. Subiri mwezi wa tisa. Kama joto la ile sehemu ya katikati ya Pasifiki, wanayoiita Niño 3.4, limepita kawaida kwa nusu digrii na linaendelea kupanda, anza kununua kidogo kidogo. Kisha mwezi wa kwanza uliza mvua ya Choma, usitazame ya Lubumbashi.

Dereva wa Kasumbalesa
Ya Choma nitakuwa nawatumia picha, nikipita.

Mkulima wa njia ya Kasenga
Mimi bado sijaelewa kwa nini yangu ilichelewa, kama kweli tuko juu ya mpaka. Jirani yangu, kilomita chache tu, alipanda mara moja.